Kahawa ya kuchuja, ya papo hapo, espreso au chai: kafeini iliyomo kikombeni na vikombe vinavyotosha kwa siku

Mwenzangu mmoja kazini alikuwa analalamika kwamba usingizi umemkimbia. Nikamuuliza anakunywa kahawa kiasi gani. "Kidogo tu, ndugu yangu," akaniambia. "Vikombe vitatu, na nusu nyingine jioni." Kwa hesabu ya vikombe, hakuna daktari ambaye angeshtuka. Nikaomba anionyeshe kikombe chenyewe. Kilikuwa kile kikubwa chenye mkono mnene, na tulipokijaza maji kisha tukayamimina kwenye chombo cha kupimia, yalifika mililita 420. Kikombe ambacho wataalamu hukitumia kwenye hesabu zao ni cha mililita 240 hivi. Kwa hiyo kila alipohesabu kimoja, mwili wake ulikuwa unapokea karibu viwili.

Ndiyo maana swali la "vikombe vingapi kwa siku" halijibiki mpaka ujue ni kikombe cha nini, cha ukubwa gani na kimetengenezwaje. Hapa nalinganisha vinywaji vinne ambavyo watu wengi husita kati yake: kahawa ya kuchuja, kahawa ya papo hapo, espreso na chai ya majani. Kisha nitarudi kwa mwenzangu na siku yake nzima, kwa sababu kuna kitu ambacho jumla ya vikombe haikionyeshi.

## Vipimo vya kulinganishia

Kila kinywaji nitakiuliza maswali manne yaleyale. La kwanza, kikombe cha kawaida kina miligramu ngapi za kafeini. La pili, kiasi hicho kinayumba kiasi gani kutoka kikombe hadi kikombe, kwa sababu kinywaji kinachoyumba sana ni kigumu kukihesabu. La tatu, ni vikombe vingapi kwa siku vinabaki ndani ya kiwango kinachokubalika. La nne, kinamfaa nani.

Kiwango chenyewe ni hiki. Mwaka 2015, Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilipitia ushahidi uliokuwepo na kusema kwamba mtu mzima mwenye afya, asiye mjamzito, anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku bila wasiwasi wa kiafya. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani nayo hutaja 400 hiyohiyo. Ila Wazungu hao wa Ulaya waliongeza jambo ambalo watu hulisahau: kwa mkupuo mmoja, isizidi miligramu 200 hivi. Mjamzito na anayenyonyesha, 200 ni za siku nzima.

Miligramu 400 ni ukuta, si lengo. Mtu anayetosheka na 150 hana sababu ya kuzitafuta zilizobaki. Na kuna watu ambao 200 tu huwatetemesha mikono, kwa sababu ini zao huivunja kafeini taratibu. Kiwango kiliwekwa kwa watu wazima kwa ujumla wao, nawe ni mmoja tu kati yao.

## Kahawa ya kuchuja

Kilichomo. Kikombe cha mililita 240 kina takriban miligramu 95. Hiyo ni wastani. Hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Kinavyoyumba. Hiki ndicho kinywaji kinachodanganya kuliko vyote vinne. Chukua gramu 10 za kahawa ya kusaga, kipimo cha kikombe kimoja chepesi. Kama ni arabika, kafeini ni kama asilimia 1.2 ya uzito wake, yaani ungani mna miligramu 120 hivi, na maji ya moto hutoa sehemu kubwa ya hizo. Kama ni robusta, kafeini inakaribia maradufu, asilimia 2 na zaidi, na gramu zilezile 10 zina zaidi ya miligramu 200. Sasa mtu anayependa kahawa nzito akiweka gramu 15 badala ya 10, ongeza nusu nyingine juu yake. Kikombe ni kilekile, rangi haitofautiani sana machoni, lakini kimoja kinaweza kuwa na kafeini mara mbili ya kingine.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walinunua kinywaji kilekile, kwenye duka lilelile, siku sita mfululizo. Kilikuwa kikombe kikubwa cha karibu nusu lita. Siku yenye kafeini kidogo walikuta miligramu 259, na siku yenye kafeini nyingi wakakuta 564. Mnunuzi hakubadilisha chochote katika oda yake, lakini siku moja alivuka kiwango cha siku nzima kwa kikombe kimoja.

Watu wengi huamini kwamba kahawa iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi tii ndiyo yenye kafeini nyingi. Sivyo. Kafeini huvumilia moto wa kukaangia, hivyo ukipima kwa uzito, tofauti kati ya iliyokaangwa sana na iliyokaangwa kidogo ni ndogo mno. Ule uchungu unaousikia ulimini hutoka zaidi kwenye vitu vingine vinavyozaliwa wakati wa kukaanga. Ukitaka kujua ukali wa kafeini, usiulize rangi. Uliza ni robusta au arabika, na gramu ngapi.

Vikombe kwa siku. Vya mililita 240 vilivyotengenezwa kwa kipimo cha kawaida, vinne hufika 380. Mimi ningesema vitatu, ili kubaki na nafasi kwa ajili ya ule uyumbaji. Viwili kwa mkupuo vinagusa mpaka wa 200.

Kinamfaa nani. Anayetengeneza mwenyewe na yuko tayari kupima. Ukiwa na kijiko kimoja maalumu cha kahawa na kikombe kimoja kisichobadilika, kinywaji hiki kinatulia na kuhesabika. Ukikinunua nje kila siku mahali tofauti, chukulia kwamba hujui umekunywa kiasi gani, na ukiache kiwe kimoja.

## Kahawa ya papo hapo

Kilichomo. Kijiko kimoja cha chai cha unga, kikiwa bapa si cha kilima, kina gramu 2 hivi, na ndani yake mna takriban miligramu 60. Kafeini yote iko kwenye unga ule, na wote unayeyuka. Hakuna masimbi yanayobaki na sehemu ya kafeini.

Kinavyoyumba. Kidogo, endapo mkono wako ni mwaminifu. Hii ndiyo sifa yake kubwa, na sijui kwa nini haisemwi mara nyingi. Maji yakiwa mengi au machache, kafeini haibadiliki, kwa kuwa inategemea kijiko peke yake. Kosa huja pale "kijiko kimoja" kinapokuwa cha kilima. Jaribu siku moja: chota kama unavyochota kila siku, kisha pitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko na uangalie unga uliodondoka. Nilipofanya hivyo mwenyewe, kilichodondoka kilikaribia kujaza kijiko kingine. Kwa miaka nilikuwa naandika 60 kichwani huku nikinywa zaidi ya mia moja.

Vikombe kwa siku. Vya kijiko bapa, sita hufika 360. Vya kilima, vitatu vimetosha.

Kinamfaa nani. Anayetaka kupunguza bila kuacha. Ni rahisi kushuka kutoka vijiko viwili hadi kimoja na nusu, kisha kimoja, na kila hatua unajua umeondoa miligramu ngapi. Kwa mtu anayetafuta ladha, sitadanganya, hii si ya kwanza kwenye orodha.

## Espreso

Kilichomo. Hapa watu hushangaa. Kikombe kidogo cha mililita 30 kina takriban miligramu 63, yaani pungufu kuliko kikombe cha kuchuja. Ukali unaousikia ni wa msongamano: kwa kila mililita, espreso ina kafeini mara tano hivi ya kahawa ya kuchuja. Lakini unakunywa mililita chache, na mwili hupokea jumla, si msongamano.

Kinavyoyumba. Kiasi. Mashine husukuma maji kwa shinikizo kwenye unga uliopimwa na kushindiliwa, hivyo mtengenezaji makini hupata matokeo yanayofanana. Kinachobadilisha hesabu ni mambo mawili. Kwanza robusta, ambayo huchanganywa mara nyingi kwenye espreso ili kupata povu zuri juu. Pili, na hili ndilo kubwa, ni maradufu. Sehemu nyingi siku hizi kipimo cha kawaida ni cha mbili, bila kuuliza. Vinywaji vyote vya maziwa vinavyojengwa juu ya espreso hufuata kanuni hiyo: maziwa huongeza ujazo na kulainisha ladha, lakini hayaondoi hata miligramu moja. Kikombe kirefu cheupe kinachoonekana chepesi kinaweza kuwa na 63 au 125, kutegemea kilichoko chini yake. Uliza tu: "Ni moja au mbili?"

Vikombe kwa siku. Vya kimoja kimoja, hadi sita kinadharia. Vya maradufu, vitatu. Ila espreso humezwa kwa mafunda matatu, na ni rahisi kuongeza ya pili kabla ya kwanza haijafanya kazi. Kafeini huchukua dakika 30 hadi 60 kufika kileleni kwenye damu. Subiri saa nzima kabla ya kuamua kwamba haijatosha.

Kinamfaa nani. Anayetaka ladha ya kahawa kamili kwa kafeini inayojulikana, na anayekunywa moja kwa wakati wake. Haimfai sana mwenye mapigo ya moyo yanayoruka, kwa sababu ya ile tabia ya kuimaliza kwa haraka.

## Chai ya majani

Kilichomo. Kikombe cha mililita 240 cha chai nyeusi kina takriban miligramu 47, karibu nusu ya kahawa ya kuchuja. Chai ya kijani huwa chini yake, 28 hivi. Ajabu ni kwamba majani makavu ya chai, gramu kwa gramu, yana kafeini nyingi kuliko kahawa ya arabika: kama asilimia 3. Kinachoiokoa chai ni kwamba kikombe kimoja hutumia gramu 2 tu za majani, wakati kahawa hutumia 10 au zaidi.

Kinavyoyumba. Kwa muda na kwa kiganja. Majani yakikaa kwenye maji ya moto dakika moja, kafeini iliyotoka ni pungufu sana kuliko ya dakika tano. Chai iliyochemshwa pamoja na majani mengi kwenye sufuria mpaka ikawa nyekundu iliyokolea haina tena haki ya kuitwa kinywaji chepesi. Lakini ina dari. Gramu 2 za majani haziwezi kutoa zaidi ya miligramu 60, hata ukizichemsha mchana kutwa, kwa sababu ndizo zilizomo. Ukitaka kujua dari ya sufuria yako, pima majani, zidisha kila gramu kwa 30, kisha gawanya kwa vikombe vilivyopatikana.

Vikombe kwa siku. Kwa kafeini peke yake, vinane hufika 376. Lakini sishauri kuhesabu chai kwa kafeini peke yake. Ina vitu vinavyoshikana na madini ya chuma kutoka kwenye vyakula vya mimea, na mwili ukashindwa kuyachukua. Kahawa nayo hufanya hivyo. Mwenye upungufu wa damu anaweza kuwa ndani ya kiwango cha kafeini na bado chai yake ikamrudisha nyuma, iwapo anaishushia na mlo. Aiache mpaka saa moja ipite baada ya kula. Na sukari: vijiko viwili katika kila kikombe, mara nane, ni vijiko 16 kwa siku. Hapo tatizo limeshahama kutoka kwenye kafeini.

Kinamfaa nani. Anayependa kushika kikombe cha moto mara nyingi kwa siku, mjamzito ambaye hataki kuacha kabisa, na yule ambaye kahawa humletea wasiwasi na moyo kwenda mbio.

## Vinavyoingia kimyakimya

Kabla ya kurudi kwa mwenzangu, kumbuka vile ambavyo havihesabiwi kwa kuwa havifanani na kahawa. Kopo la soda ya kola la mililita 330 lina kama miligramu 35. Kopo dogo la kinywaji cha kuongeza nguvu, la mililita 250, lina 80 hivi, na makopo makubwa yanaweza kuwa na mara mbili yake, soma ubavuni. Baadhi ya vidonge vya maumivu ya kichwa na mafua vina kafeini pia. Kahawa iliyoondolewa kafeini haijaisha kabisa: hubaki 2 hadi 15 kwa kikombe, kiasi ambacho watu wengi hawakisikii.

Unga safi wa kafeini usiuguse kabisa. Kijiko kimoja cha chai kina kafeini ya vikombe karibu 30 vya kahawa, na jikoni hakuna mizani ya kupima kitu cha namna hiyo kwa usalama.

## Siku moja ya mwenzangu, kwa hesabu

Tulikaa tukaandika. Saa moja asubuhi, kikombe chake cha mililita 420, kahawa ya kuchuja: miligramu 165 kwa kipimo cha wastani, lakini yeye huweka kahawa nzito kidogo, tukaandika 190. Saa nne, kahawa ya papo hapo ya vijiko viwili: 120. Saa nane mchana, chai moja: 50. Saa kumi na moja jioni, nusu ya kile kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchuja: 95. Jumla 455. Amevuka ukuta, lakini si kwa kishindo.

Kilichomkosesha usingizi kilikuwa saa, zaidi ya jumla.

Kafeini haikupi nguvu mpya. Siku nzima ubongo hujikusanyia kitu kinachoitwa adenosini, ambacho hukaa kwenye viti vyake na kuuambia mwili kwamba umechoka. Kafeini ina umbo linalokaribiana nacho, hivyo huvikalia viti hivyo bila kupeleka ujumbe. Uchovu upo palepale, ila habari zake hazifiki. Na kafeini haiondoki upesi: kwa mtu mzima wa kawaida, huchukua kama saa 5 kupungua nusu, kisha saa 5 nyingine kupungua nusu ya iliyobaki.

Yeye hulala saa tano usiku. Kwa kanuni hiyo, ile 190 ya asubuhi imebaki 21. Ile 120 ya saa nne imebaki 20. Chai imebaki 14. Na ile "nusu tu" ya jioni, ambayo imepita saa 6 tangu ainywe, imebaki 41. Jumla ni 96. Mwenzangu alikuwa anaweka kichwa kwenye mto akiwa na kafeini ya kikombe kizima cha kahawa ya kuchuja mwilini. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe nalala na kikombe mkononi."

Si hesabu ya makaratasi tu. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2013, watu walipewa miligramu 400 saa 6 kabla ya kulala, na usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya saa moja. Hata mtu anayesema "mimi kahawa hainizuii kulala" anaweza kuwa analala mapema lakini usingizi ukawa mfupi na mwepesi.

Tulibadilisha mambo mawili. Kahawa ya saa nne ikawa ya kijiko kimoja bapa, na ile ya jioni ikawa iliyoondolewa kafeini. Kikombe chake cha asubuhi, anachokipenda, hatukukigusa. Jumla ya siku ilishuka hadi 305 hivi, na kiasi kinachobaki saa tano usiku kikashuka kutoka 96 hadi kama 46. Nusu. Unaweza kufanya hivyo kwa siku yako kwa kalamu na dakika kumi: kila kinywaji, saa yake, miligramu zake, kisha gawanya kwa mbili kwa kila saa 5.

Ila hizo saa 5 si za kila mtu. Mvutaji sigara huivunja kafeini karibu mara mbili kwa kasi, na akiacha sigara, vikombe vilevile alivyovizoea vinaanza kumtetemesha. Wengi hudhani ni kukosa sigara, kumbe ni kahawa pia. Vidonge vya uzazi wa mpango hurefusha muda karibu maradufu. Miezi ya mwisho ya ujauzito unaweza kufika saa 15. Baadhi ya dawa, kama ile ya kuua bakteria iitwayo siprofloksasini, nazo huzuia ini lisiivunje kafeini. Ukiandikiwa, muulize mfamasia kuhusu kahawa yako.

## Uchague kipi, kwa hali yako

Kama una afya njema, unalala vizuri na huna dalili yoyote, chagua kwa ladha. Kahawa ya kuchuja vikombe vitatu vya mililita 240, au espreso maradufu mbili na chai moja, vyote viko ndani. Kazi pekee uliyo nayo ni kupima kikombe chako mara moja kwa maji.

Kama tatizo lako ni usingizi, usianze kwa kubadilisha kinywaji. Anza kwa saa ya cha mwisho. Kisogeze kiwe angalau saa 8 kabla ya kulala, kaa hivyo wiki mbili, ndipo upunguze kiasi kama bado.

Kama ni mjamzito au unanyonyesha, ukuta wako ni 200 kwa siku. Kikombe kimoja cha kuchuja na chai moja hufanya 142, na kinabaki kidogo cha ziada kwa mkono uliozidisha. Kahawa ya kununuliwa ambayo hujui gramu zake, hapa si ya kubahatisha. Na zungumza na mkunga wako, hasa kama una upungufu wa damu.

Kama una presha, unaweza kujijaribu mwenyewe ukiwa na mashine ya kupimia. Pima kabla ya kahawa, pima tena baada ya nusu saa hadi saa mbili. Ikipanda kwa pointi 5 hadi 10, basi kafeini inakugusa kuliko wengine, na chai au kahawa ya papo hapo ya kijiko kimoja inakufaa kuliko ya kuchuja. Mpelekee daktari namba hizo.

Kama moyo hudunda ovyo, mikono hutetemeka, au wasiwasi hukushika bila sababu saa moja baada ya kunywa, usibishane na mwili kwa sababu uko chini ya 400. Kata nusu na uangalie. Zikiendelea hata bila kafeini, au ukiona kizunguzungu au maumivu ya kifua, hilo ni la hospitali.

Na kama umeamua kupunguza, usiache ghafla Jumatatu asubuhi. Maumivu ya kichwa huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, huja na uchovu na hasira za karibu, na yanaweza kudumu siku 2 hadi 9. Watu wengi hurudia kahawa siku ya pili wakidhani wanaumwa. Ondoa nusu kikombe kila baada ya siku tatu, ukianza na cha jioni na kumalizia na cha asubuhi. Mwenzangu bado ana kile kikombe chake cha mililita 420, na kwa ndani, chini kidogo ya nusu, amechora mstari kwa kalamu isiyofutika. Asubuhi hujaza mpaka juu. Baada ya saa nne, hapiti mstari.